Bibi, Mjukuu na Mausi

Mtu anayeanza kujifunza kompyuta akiwa na miaka sabini hukwama kwenye mausi kabla ya kukwama kwenye kibodi. Kibodi inatisha kwa wingi wa vitufe, lakini herufi zake anazijua tangu alipojifunza kusoma: akitaka A anaitafuta, anaiona, anaibonyeza, na A inatokea. Mausi haina herufi. Inamtaka autembeze mkono mezani huku macho yakiwa kwenye skrini, na kazi zote alizowahi kufanya kwa mikono yake, kushona, kukuna nazi, kuchambua mchele, zimemzoesha kuangalia pale pale mkono ulipo. Kwa hiyo kila mausi inaposogea, macho hushuka kuifuata. Yakirudi juu, kishale kimeshapotea. Vijana waliokua na kompyuta hawakumbuki kwamba nao walipita hapo, na ndiyo maana wengi hudhani mzee haelewi, kumbe anaelewa vizuri ila macho na mkono bado havijazoea kufanya kazi mbalimbali kwa wakati mmoja.

Kisa cha mfano kinachofuatwa hapa ni cha bibi wa Tanga, mweka hazina wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Kwa miaka mingi hesabu za kikundi zilikaa kwenye daftari: jina la mwanachama, hisa alizonunua, mkopo alioubeba na faini. Wanachama walipoongezeka, orodha ikawa inaandikwa upya kila ukurasa ulipojaa, na kila ikiandikwa upya jina moja au mawili husahaulika. Nyumbani kulikuwa na kompyuta ya mezani, kuukuu, iliyonunuliwa na mtoto wake. Mjukuu alikuwa amemaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba, anangoja matokeo, hana shule wala kazi. Bibi alitaka jambo moja tu: orodha ya wanachama iliyochapwa, anayoweza kuirekebisha mwenyewe bila kumwita mtu.

Lengo dogo la namna hiyo ni nusu ya kazi. Anayeambiwa ajifunze kompyuta, basi, hajui aanzie wapi wala atafika lini. Anayetaka orodha ya hisa anajua kila kinachofundishwa kina kazi gani kwenye orodha ile, na kisichohusika kinaweza kungoja.

Nusu ya pili ni mwalimu, na hapa mila inasaidia. Mtoto kumfundisha mama au baba yake ni jambo gumu, kwa sababu kila kosa la mzazi linagusa heshima yake mbele ya mtu aliyemlea. Kati ya bibi na mjukuu kuna utani. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", mjukuu hujibu kwa lugha hiyo hiyo, na ndani ya utani huo mdogo anaweza kumwelekeza mkubwa bila yeyote kuvunjiwa adabu.

"Mume wangu, hiki kidude kimenikimbia tena."

"Hakijakimbia, bibi. Umekigeuza. Waya wake uelekee ukutani, kisha ukisukume."

Jibu la mjukuu lina elimu ndani yake. Mausi hupima mwendo kwa kufuata mwili wake yenyewe, meza haiijui. Ndivyo ilivyokuwa tangu ya kwanza kabisa, kisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili kilichotengenezwa mwaka 1964 katika kituo cha utafiti alikofanya kazi Douglas Engelbart huko California: gurudumu moja lilihesabu mwendo wa kwenda mbele na nyuma, jingine wa kushoto na kulia. Magurudumu yameondoka, lakini kanuni imebaki. Mausi ikishikwa upande, mbele ya mkono si mbele ya mausi tena, na kishale hukimbilia pembeni. Mzee anayeanza huikamata kwa vidole vyote na kiganja huizunguka, nayo hupinda kidogo kidogo bila yeye kujua. Dalili yake ni hiyo: anasukuma kwenda juu, kishale kinakwenda kwa mshazari. Dawa si kurudia kwa nguvu. Ni kutazama waya au nembo iliyo mgongoni mwa mausi na kuinyoosha.

Kosa la pili la siku za mwanzo ni meza kuisha. Mausi imefika ukingoni, kishale bado hakijafika kinakotakiwa, na bibi ananyoosha mkono hadi kiwiko kinaning'inia hewani. Hajui kwamba mausi inaweza kuinuliwa na kurudishwa katikati, na kwamba ikiwa hewani kishale hubaki kilipo. Jambo hili halionekani kwa kumtazama mtu mwingine akitumia kompyuta, kwa sababu aliyezoea huinua mausi upesi mno. Lazima lisemwe kwa maneno, kisha lifanywe polepole.

La tatu linahusu meza yenyewe. Mausi nyingi za leo zina taa tumboni na kijicho kinachopiga picha za meza mfululizo, kila picha ikilinganishwa na iliyotangulia ili kujua mausi imehamia wapi. Meza ya kioo, au ile iliyofunikwa kwa plastiki inayong'aa, haikipi kijicho hicho alama za kushika, na kishale hutetemeka au kuruka. Bibi akiona hivyo hujilaumu na kusema mkono wake umezeeka. Ukurasa wa kalenda ya zamani, ukigeuzwa upande usiong'aa na kuwekwa chini ya mausi, huonyesha mara moja kama ni mkono au ni meza.

Mjukuu alikaa kushoto kwa bibi, kwa kuwa mausi ilikuwa kulia. Hilo linaonekana dogo, lakini ndilo lililobeba mafunzo yote. Anayekaa upande wa mausi huona bibi akisitasita, mkono wake unachomoka wenyewe, anasema "lete nikuonyeshe", anabofya mara tatu, na kazi imekwisha. Bibi ameona dirisha limefunguka. Hakuona limefungukaje, na mkono wake haukujifunza lolote. Mara nyingine kishale kilipotea kwa muda ambao kijana mwingine angeona ni dakika nzima. Mjukuu alikuwa ameweka mikono mapajani, na alitaja mahali kwa jina: "kona ya juu, upande wa kulia, penye alama ya msalaba". Neno "hapo" halimsaidii mtu asiyejua macho ya mwenzake yanaangalia wapi.

Somo la kwanza halikuwa na kubofya kabisa. Bibi alipeleka kishale kwenye kona nne za skrini, moja baada ya nyingine, kisha kwenye picha ndogo zilizokuwa juu yake. Kona ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu kishale kikifika ukingoni hakivuki. Hata akisukuma kupita kiasi, kitabaki pale pale. Picha ndogo iliyo katikati ya skrini ni ngumu zaidi, maana inamtaka asimame juu yake. Mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Fitts, alionyesha mwaka 1954 kwamba muda wa mkono kufikia shabaha hukua kadiri shabaha inavyokuwa mbali na inavyokuwa nyembamba. Kwa hiyo mjukuu alizikuza picha zile: ukishikilia kitufe cha Ctrl na kuzungusha gurudumu la mausi kwenda mbele, picha za kwenye skrini ya mwanzo ya Windows huwa kubwa. Akaongeza pia ukubwa wa kishale chenyewe katika mipangilio.

Alipoanza kubofya, mazoezi yalihamia kwenye karata. Mchezo wa Solitaire uliingizwa kwenye Windows 3.0 mwaka 1990, wakati watu wengi hawajawahi kushika mausi, na ulisaidia mamilioni kuzoea kuburuta kitu: kukibofya, kukishikilia, kukihamisha na kukiachia mahali pake. Bibi alizijua kopa, uru, pao na shupaza tangu ujana wake, kwa hiyo akili yake haikuhangaika na mchezo. Ilihangaika na kidole. Kuburuta kunataka kidole kimoja kibaki kimebana wakati mkono mzima unatembea, na mwanzoni kidole hulegea njiani, karata inarudi ilikotoka. Mwenye maumivu ya viungo huenda asiweze kabisa kubana kwa muda huo. Windows ina kipengele cha "ClickLock" kwa ajili hiyo: unabana kwa muda mfupi, unaachia, na karata inabaki imeshikwa mpaka ubofye tena. Bibi huyu hakukihitaji, ila mjukuu alijua kipo.

Tatizo lililomchosha zaidi lilikuwa kubofya mara mbili, na linafaa kuelezwa kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo wazee wengi hukata tamaa. Kompyuta haihesabu mibofyo miwili kuwa jambo moja mpaka masharti mawili yatimie. La kwanza ni muda: kwa mpangilio ambao Windows huja nao, mbofyo wa pili lazima ufuate ndani ya milisekunde 500, yaani nusu sekunde. La pili ni mahali: kati ya mbofyo na mbofyo kishale kisitoke ndani ya kisanduku cha nukta nne kwa nne za skrini, eneo dogo lisiloonekana kwa macho. Kijana hutimiza yote mawili bila kufikiri. Mzee akiharakisha ili apate muda, mkono unasukumwa na kishale kinahama. Akitulia ili kishale kisihame, muda unapita. Ni kama kutia uzi kwenye sindano huku mtu akihesabu hadi tatu.

Mwalimu anayetazama kwa makini anaweza kujua ni sharti lipi limevunjwa. Jina lililo chini ya picha likizungukwa na kisanduku na kuwa tayari kuandikwa upya, mibofyo ilichelewana. Windows imedhani mtu anataka kubadilisha jina la faili, na kitufe cha Esc kinaondoa hali hiyo. Picha ikihama kidogo kutoka mahali pake, mkono ulitembea na kompyuta ikadhani inaburutwa. Makosa haya mawili yana dawa tofauti, na kumwambia bibi "bofya haraka" wakati tatizo lake ni mkono kutembea ni kumwongezea tatizo.

Kwa muda, mjukuu alibonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, akaandika amri hii na kubonyeza Enter:

```
main.cpl
```

Dirisha la mausi likafunguka. Penye maneno "Double-click speed" kuna kitelezi. Alikivuta upande wa "Slow", na bibi akajaribu kwenye picha ya folda iliyo kando yake, ambayo hufunguka mibofyo inapokubalika. Katika dirisha hilo hilo, sehemu ya kishale, aliondoa alama kwenye "Enhance pointer precision". Jina lake linaahidi usahihi, lakini kipengele hicho hukifanya kishale kwenda mbali zaidi mkono unapokwenda kasi, hata kama umetembea umbali ule ule. Kwa aliyezoea ni msaada. Kwa anayeanza, mkono unashindwa kujifunza kipimo kimoja, kwa sababu kipimo kinabadilika kila mara.

Kwa mkono unaotembea, dawa ilikuwa nyepesi zaidi. Bibi alilaza kifundo cha mkono mezani, akakaza kidole gumba na kidole kidogo kwenye mbavu za mausi, akaacha kidole cha shahada peke yake kibofye. Kabla hajazoea, alipewa njia ya kuzunguka: bofya mara moja tu ili picha ichaguliwe, achia mausi, kisha bonyeza Enter. Faili inafunguka vile vile. Wako walimu wanaoona njia hiyo ni ya kukwepa somo. Si kweli; ni njia kamili ya kompyuta, na kwa mwenye mkono unaotetemeka inaweza kuwa njia yake ya siku zote.

Miwani nayo ilikuwa na sehemu yake. Miwani ya kusomea hupimwa kwa umbali wa kitabu kilichoshikwa mkononi, na skrini hukaa mbali kuliko hapo. Bibi alikuwa akiinama mbele ili aone, bega la kulia linapanda, na mausi inashikwa kwa nguvu. Skrini ilisogezwa karibu na maandishi yakakuzwa, naye akaweza kuegemea kiti.

Kibodi ilipoingia, mambo yalikwenda upesi zaidi, isipokuwa kwa jambo moja la mwanzo. Bibi alibonyeza vitufe kwa uzito na kuvishikilia mpaka aione herufi kwenye skrini, na badala ya "kaka" akapata "kkkkaaakkkaaaa". Kompyuta huchukulia kitufe kilichoshikiliwa kuwa ombi la kurudia herufi. Muda wa kungoja kabla ya kuanza kurudia unaweza kurefushwa kwenye dirisha la kibodi, kwa kuvuta "Repeat delay" hadi "Long". Dirisha hilo hufunguliwa kwa amri `control keyboard`. Herufi zikaacha kumwagika, na vidole vikajifunza kugusa na kuachia.

Mpangilio wa herufi za kibodi umetokana na mashine za taipu zilizoundwa Marekani na Christopher Latham Sholes na wenzake miaka ya 1860 na 1870. Safu ya kati, ambako vidole hupumzika, ina irabu moja tu, A. E, U, I na O ziko safu ya juu, na safu ya chini haina irabu hata moja. Kwa Kiswahili upungufu huu una faida yake. A ndiyo herufi tunayoitumia kuliko zote, na kwa A moja tu pamoja na konsonanti za safu ya kati yanapatikana maneno mazima: dada, kaka, lala, saa, hasa, kasha, sadaka, shahada, jalada, ghafla, hata daladala. Mjukuu aligundua hilo kwa kukaa na karatasi jioni moja, na somo la kibodi likaanza kwa sentensi kama "dada akalala" na "kaka akakaa", bila kidole kutoka kwenye safu. F na J zina vijinundu vinavyoguswa kwa vidole vya shahada, ili mkono ujue umekaa mahali pake bila kutazama. Bibi hakufika mbali katika kuchapa bila kutazama, wala hakuhitaji. Alichapa kwa vidole viwili vya kila mkono, na kwa orodha ya majina hiyo inatosha.

Kulikuwa na mistari myekundu. Programu ya kuandikia ilikuwa imepangwa kwa Kiingereza, na karibu kila neno la Kiswahili alilochapa lilipigiwa mstari mwekundu chini, jina lake mwenyewe likiwemo. Mwanafunzi wa umri wake, aliyesoma shule ambako wino mwekundu ulikuwa wa mwalimu, huona mistari hiyo kama makosa na huanza kufuta maneno sahihi. Mjukuu alizima ukaguzi wa tahajia siku ile ile.

Hofu kubwa iliyobaki ilikuwa ya kuharibu. Bibi alichapa majina sita, akayachagua yote kwa bahati mbaya, akagusa herufi moja, na majina yakatoweka ikabaki herufi ile. Aliondoa mikono mezani kabisa. Mjukuu hakuyarudisha yeye. Alimwelekeza ashikilie Ctrl na kubonyeza Z, na majina yakarudi. Kisha alimwambia ayafute tena makusudi, ayarudishe tena, mpaka mkono ukazoea. Tangu hapo bibi alianza kujaribu vitu bila kuuliza kwanza. Ctrl pamoja na S, ya kuhifadhi kazi, ilifundishwa baada ya hiyo, na ikawa desturi kila baada ya jina la mwisho la ukurasa.

Orodha ilikamilika kabla ya matokeo ya mtihani kutoka mwezi Januari. Ilikuwa na safu tatu: jina, hisa, mkopo. Ilipelekwa kwa flashi kwenye stesheneri ya mtaani, ikachapishwa, na wanachama wakaona majina yao kwenye karatasi moja. Katika kikao kilichofuata mwanachama mpya alijiunga, na bibi aliliongeza jina lake mwenyewe.

Mjukuu aliyechaguliwa kuendelea na kidato cha tano huondoka katikati ya mwaka, na hapo hujitokeza mambo ambayo hayaonekani mwalimu akiwa karibu. Anayechapa majina ya watu hutumia Shift kila mara, na akisitasita huibonyeza mara nyingi bila herufi. Ikibonyezwa mara tano mfululizo, Windows huleta dirisha linalouliza kama awashe "Sticky Keys". Jibu ni "No". Kama Shift ya kulia itashikiliwa kwa sekunde nane, huja swali la "Filter Keys", na jibu ni lile lile. Namba za upande wa kulia zikiacha kuandika, Num Lock imezimwa. Herufi zote zikiwa kubwa, Caps Lock imewashwa. Mjukuu aliyaandika haya kwenye karatasi kwa maneno ya bibi, akianza na kinachoonekana kwenye skrini na kufuatisha kitufe cha kubonyeza, akaibandika kando ya skrini. Mwishoni aliongeza njia ya siku ambayo kifundo cha mkono kitauma kiasi cha kutoshika mausi: Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock zikibonyezwa pamoja na kukubaliwa, namba za kulia hukiendesha kishale zenyewe, 8 kwenda juu, 2 kwenda chini, 4 kushoto, 6 kulia, na 5 hubofya.